Homa Inapanda, Mgonjwa Anasikia Baridi: Jinsi Mwili Unavyoongoza Joto Lake

Mgonjwa wa malaria akianza kutetemeka, mguse paji la uso, kisha mguse vidole. Paji lina moto, vidole ni vya baridi na kucha zimepauka. Vinyweleo vimesimama, meno yanagongana, naye anaomba blanketi la pili. Kipimajoto cha kwapani kinasoma nyuzi 38.2. Ukikirudisha baada ya dakika ishirini, kinasoma 39. Joto linapanda huku mwenyewe akilalamika baridi, na ndugu waliomzunguka hawakubaliani: mmoja anataka afunikwe, mwingine anataka amwagiwe maji.

Hapo ndipo wataalamu wa fiziolojia walipoazima lugha ya mafundi. Wanasema mwili huongoza joto lake kwa mzunguko wa mrejesho, na mzunguko huo una sehemu tatu. Kuna kiwango kilichowekwa, yaani joto linalotakiwa. Kuna kihisi, kinachopima joto lililopo. Kuna kitendaji, kinachoongeza au kupunguza joto kulingana na tofauti kati ya hayo mawili. Lugha hiyo inaeleza mengi kuhusu yule mgonjwa na imeokoa maisha. Lakini ina mahali inapoishia, na kujua mahali hapo kuna faida sawa na kuijua yenyewe.

Mashine ya vifaranga

Tuchukue mashine ya kutotolesha vifaranga, ile ambayo wafugaji wengi wadogo wanayo nyumbani. Inatufaa kwa sababu joto lake linakaribiana sana na la binadamu: mayai ya kuku katika mashine yenye feni huhitaji nyuzi 37.5 hivi. Mfugaji anabonyeza kitufe na kuandika kiwango hicho. Ndani ya sanduku kuna kihisi chenye waya. Joto likishuka chini ya kiwango, swichi inaunganisha umeme na balbu inawaka. Likivuka, swichi inakata. Balbu ikiwaka, joto linabadilika. Joto likibadilika, kihisi kinajua. Kihisi kikijua, balbu inazimwa. Tendo linarudi kuliongoza lenyewe, na huo ndio mrejesho.

Mwilini sehemu hizo zinaonekana bila taabu. Vihisi vipo kwenye ngozi, kwenye uti wa mgongo, tumboni na ndani ya ubongo wenyewe. Baadhi ya vihisi vya ngozi vinajulikana hadi kiwango cha molekuli: David Julius wa Marekani alipata sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021 kwa kugundua kipokezi kinachoitikia joto kali, ambacho pia huamshwa na ukali wa pilipili. Taarifa za vihisi hivi hukutana katika haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo yenye uzito wa gramu nne hivi, hasa upande wake wa mbele.

Vitendaji ni vinne vikubwa. Mishipa midogo ya damu ya ngozi hubana ili kuzuia joto lisitoke, au hupanuka ili kulitoa. Tezi za jasho huloanisha ngozi, na jasho likikauka huondoka na joto. Misuli hutetemeka na kuzalisha joto. Cha nne ni tabia: kusogea kivulini, kuvaa sweta, kufungua dirisha, kuomba blanketi. Tabia ndiyo yenye nguvu kuliko vyote, maana bila nguo na nyumba binadamu asingekaa Iringa wakati wa Julai.

Homa kwa hesabu

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Vimelea vya malaria vimepasua chembe nyekundu za damu na kumwaga mabaki yake. Chembe za ulinzi zinaitikia kwa kutoa kemikali za tahadhari, nazo husababisha kutengenezwa kwa prostaglandini E2, ambayo huathiri seli za haipothalamasi. Kwa lugha ya mashine, mtu amebonyeza kitufe na kuandika 40 mahali palipokuwa na 37. Kihisi kinasoma 37, kiwango kinasema 40, kwa hiyo mwili unajiona una upungufu wa nyuzi tatu. Vitendaji vyote vya kuongeza joto vinawashwa kwa pamoja. Mishipa ya ngozi inabana, ndiyo maana vidole ni baridi. Misuli inatetemeka. Mgonjwa anatafuta blanketi. Anasikia baridi kwa sababu, kwa kiwango kipya, kweli yuko chini.

Wazo hili ni la zamani. Daktari Mjerumani Carl von Liebermeister aliandika mwaka 1875 kwamba mwenye homa hajapoteza uwezo wa kuongoza joto, bali analiongoza kwenye kiwango cha juu zaidi. Mwaka 1918, huko New York, David Barr na Eugene Du Bois waliwalaza wagonjwa wa malaria ndani ya chumba maalumu cha kupimia joto linalotoka mwilini. Waliona kwamba wakati wa kutetemeka uzalishaji wa joto hupaa, ilhali joto linalotoka nje halibadiliki sana.

Tunaweza kupiga hesabu sisi wenyewe. Kupasha kilo moja ya mwili kwa nyuzi moja huhitaji takriban kilojuli 3.5. Mtu wa kilo 60 atahitaji kilojuli 210 kwa kila nyuzi, yaani 630 ili kutoka 37 hadi 40. Akiwa amepumzika huzalisha wati 80 hivi, na zote hupotea hewani. Akitetemeka kwa nguvu anaweza kufika mara tatu ya hapo, wati 240. Tukichukulia kwamba zinazopotea ni zilezile 80, zinazobaki mwilini ni wati 160, sawa na kilojuli 576 kwa saa. Basi safari ya kufika 40 itachukua saa moja na dakika chache. Madaktari nao huandika kwamba kipindi cha baridi cha malaria huchukua kati ya robo saa na saa nzima, na mara nyingi joto huwa limeanza kupanda kabla mgonjwa hajaanza kutetemeka. Hesabu na kitanda cha mgonjwa vinakubaliana.

Joto likifika kwenye kiwango kipya, kutetemeka kunakoma. Mgonjwa ana moto lakini hasikii tena baridi. Dawa au kinga ya mwili ikipunguza prostaglandini, kiwango kinarudi 37, na sasa mwili unajiona umezidi kwa nyuzi tatu. Ngozi inakuwa nyekundu au ya moto, blanketi linatupwa, jasho linatoka. Kila gramu ya jasho inayokauka huondoka na kilojuli 2.4 hivi, kwa hiyo kuziondoa zile 630 kunahitaji robo lita na kidogo juu ya kiasi cha kawaida. Shuka huloa kuliko hapo kwa sababu jasho lililonyonywa na godoro halikupoza chochote.

Dawa kama parasetamoli na aspirini hufanya kazi papo hapo penye kitufe. John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini. Dawa hizi haziupozi mwili. Zinaondoa amri ya kuupasha, na mwili unajipoza wenyewe. Ndiyo sababu kumwagia maji baridi mtu anayetetemeka kwa homa ni kupigana na mashine inayotii amri: ngozi ikipoa, vihisi vitaripoti upungufu mkubwa zaidi, na mtetemeko utaongezeka.

Joto lisilo homa

Mashine ya vifaranga inaweza kuzidi joto kwa njia mbili. Ya kwanza ni kitufe kuandikwa kiwango kikubwa. Ya pili ni swichi kuganda ikiwa imeunganisha umeme: kiwango bado kinasoma 37.5, kihisi kinajua joto limezidi, lakini balbu haizimiki. Fundi hapotezi muda kubonyeza kitufe, maana kosa haliko kwenye kitufe.

Mwilini njia hii ya pili inaitwa kiharusi cha joto. Mchukulie hamali wa kilo 60 anayesukuma mkokoteni Dar es Salaam mchana wa Februari, kabla ya masika. Misuli yake huzalisha joto la wati 400 hivi, sawa na kilojuli 1,440 kwa saa. Hewa ikiwa na joto karibu sawa na la ngozi, tegemeo lake ni jasho peke yake, naye anahitaji lita 0.6 zikauke kila saa. Tezi zake zinaweza kutoa zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba hewa ya pwani imejaa unyevu, na jasho linadondoka chini badala ya kukauka. Likikauka nusu tu ya kinachohitajika, kilojuli 720 zinabaki mwilini kila saa na joto lake linapanda kwa nyuzi tatu na zaidi. Alianza na 37.5, kabla ya saa moja kwisha atakuwa amevuka 40.

Kipimajoto chake na cha mgonjwa wa malaria vinaweza kusoma namba ileile. Tofauti inaonekana katika kile ambacho mwili unajaribu kufanya. Mwenye homa inayopanda ana vidole vya baridi, anatetemeka na anajifunika. Aliyezidiwa na joto ana ngozi ya moto hadi vidoleni, amevua shati, anatafuta kivuli. Akianza kuchanganyikiwa, kupepesuka au kuongea maneno yasiyoeleweka, hicho ni kiharusi cha joto, hata kama bado anatoka jasho. Wengi husubiri ngozi ikauke ndipo waamini. Aliyeanguka akiwa kazini mara nyingi huwa bado amelowa. Parasetamoli haimsaidii, kwa sababu hakuna amri ya kufuta. Anachohitaji ni maji mengi mwilini mwake kwa nje, na upepo, mara moja, huku akitafutiwa usafiri wa kumfikisha hospitali.

Kitufe kisichoonekana

Kufikia hapa mfano wa mashine umetubeba vizuri. Lakini ukifungua sanduku la vifaranga utaipata sehemu ambamo 37.5 imehifadhiwa. Watafiti wamefungua ubongo kwa zaidi ya karne moja, na hakuna aliyeikuta namba 37.

Walichokuta ni seli. Mwaka 1912 Henry Barbour alipitisha mrija ndani ya ubongo wa sungura na kuupasha au kuupoza kwa maji. Alipopasha sehemu ile ya mbele, mwili wa sungura ulipoa. Alipoipoza, mwili ulipata joto. Baadaye ilijulikana kwamba humo kuna seli ambazo kadiri zinavyopata joto ndivyo zinavyofanya kazi kwa kasi, na kazi yake ni kama breki juu ya mtetemeko na kubana kwa mishipa. Prostaglandini huzizimisha seli hizi. Kwa hiyo tunaposema homa “imepandisha kiwango,” kinachotokea hasa ni breki kulegezwa. Hakuna mahali ambapo 37 imefutwa na kuandikwa 40. Joto linapanda mpaka lifike mahali ambapo breki iliyolegea inatosha tena, na mahali hapo ndipo sisi tunapopaita kiwango.

Ushahidi mkali zaidi ulitoka kwa panya. Evelyn Satinoff na mwenzake waliripoti mwaka 1970 kuhusu panya walioharibiwa sehemu ile ya mbele ya haipothalamasi. Wakiwekwa kwenye baridi, miili yao ilishindwa kujilinda na joto likashuka. Kwa mashine ya vifaranga hadithi ingeishia hapo: umeng’oa ubao wa udhibiti, sanduku limekufa. Lakini panya wale walipopewa kibonyezo cha kuwasha taa ya joto, walikibonyeza na kulinda joto lao vizuri. Kitendaji kimoja kilikuwa kimepotea. Kingine, yaani tabia, kiliendelea na kazi kikiwa na mwongozo wake chenyewe.

Maana yake ni kwamba mwilini hakuna msimamizi mmoja anayesoma namba moja na kuwaamuru wote. Kila kitendaji kina njia yake ya neva, mchanganyiko wake wa vihisi na kizingiti chake cha kuanzia. Mishipa ya ngozi huanza kubana mapema, kwa mabadiliko madogo ya hewa. Mtetemeko husubiri hadi hali iwe mbaya zaidi, kwa kuwa ni ghali. Tabia husikiliza zaidi ngozi, ndiyo maana unafunga dirisha kabla joto la ndani halijabadilika hata kidogo. Mwaka 2007 mtafiti Andrej Romanovsky wa Marekani alipendekeza neno “kiwango kilichowekwa” liachwe, na badala yake tuzungumze juu ya mizania: joto ambapo kazi za vitendaji hivi zinasawazishana. Thelathini na saba ni matokeo yao, si amri waliyopewa.

Ngamia na bei ya maji

Kama 37 ingekuwa amri, mwili ungeilinda kwa gharama yoyote, kama mashine inavyoendelea kuwasha balbu bila kujali bili ya umeme. Ngamia anatuonyesha vingine. Katika miaka ya 1950 Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walipima joto la ngamia huko Béni Abbès, ndani ya Sahara ya Algeria. Ngamia aliyenyweshwa kila siku joto lake lilicheza kwa nyuzi mbili hivi kati ya asubuhi na jioni. Ngamia huyohuyo aliponyimwa maji, joto lilishuka hadi 34 alfajiri na kupanda hadi zaidi ya 40 jioni. Haumwi wala hajaharibika. Anaacha mwili ujae joto mchana bila kutoka jasho, kisha analiachia usiku kwa hewa baridi, bila kutumia tone la maji.

Binadamu hafiki mbali kiasi hicho, ila biashara ni ileile. Jasho hutoka kwenye akiba ya maji inayogombaniwa na figo na damu. Mtu aliyepungukiwa maji huanza kutoka jasho akiwa na joto la juu zaidi, na hutoka kidogo. Mishipa ya ngozi nayo si mali ya mfumo wa joto peke yake. Kwenye joto kali ngozi inaweza kupokea lita sita hadi nane za damu kwa dakika, na damu hiyo inaondolewa kwenye mzunguko unaolisha misuli na ubongo. Shinikizo la damu likianza kushuka, mwili hubana mishipa ya ngozi hata kama joto bado linapanda. Kihisi kinajua, kitendaji kina uwezo, lakini kazi nyingine imepewa kipaumbele. Mashine ya vifaranga haina mgogoro huo, kwa sababu balbu yake haina kazi nyingine.

Mwisho kuna mahali ambapo mrejesho wenyewe hugeuka. Mashine iliyozidi joto haiongezi joto kwa sababu imezidi. Mwili huongeza. Kila nyuzi moja inayopanda huharakisha kemia ya mwili, na uzalishaji wa joto huongezeka kwa takriban asilimia kumi. Kwa muda mrefu jasho linamudu kulipia ongezeko hilo. Jasho likishindwa, joto linazaa joto, na ubongo unaopaswa kuongoza ndio wa kwanza kudhurika. Kuanzia hapo kupumzika kivulini peke yake kunaweza kusitoshe. Lazima joto liondolewe kwa maji kutoka nje.

Sheria za baadhi ya nchi zimekubali ukweli huo. Oman hukataza kazi za nje zisizo na kivuli kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 mchana, kuanzia Juni hadi Agosti. Haikuwaachia wafanyakazi miili ijiongoze yenyewe, kwa sababu katika joto lile vitendaji vya mwili vinaishiwa uwezo, hata mtu awe na afya namna gani.

Kwa hiyo lugha ya kiwango, kihisi na kitendaji tusiitupe. Kwa swali la kitandani haina mpinzani: inakuambia utazame vidole na mtetemeko, si kipimajoto peke yake, na inakuambia kwa nini dawa ya homa haifai kwa aliyechomwa na jua. Tunakosea tunapoanza kuiamini namba 37 kama kitu kilichomo ndani yetu, kinachotulinda bila masharti. Ulinzi ule ni makubaliano kati ya ngozi, damu, maji na hewa ya siku hiyo, na makubaliano huvunjika.

Ukimkuta mtu ana moto mwilini, basi, usiulize nyuzi ngapi tu. Anayetetemeka mfunike kiasi, mpe dawa ya homa na umpeleke akapimwe malaria siku hiyohiyo. Aliyeanguka juani na kuchanganyikiwa mvue nguo, mloweshe mwili mzima, mpepee bila kukoma, na usingoje gari lifike ndipo uanze.